Si Kilemba cha Ukoka: Uandishi wa Barua ya Mapendekezo kwa Mwajiriwa Anayeondoka, kwa Mfano wa Mtunza Ghala katika Shamba la Mkonge Mkoani Tanga

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna mwajiri anavyoweza kuandika barua ya mapendekezo iliyo ya kweli, inayomtendea haki mwajiriwa anayeondoka, na inayomfaa mwajiri anayefuata. Hoja kuu ni kwamba mwandishi wa barua hiyo ni shahidi wa alichokiona, si mdhamini wa tabia ya mtu. Makala inaanza kwa kutofautisha barua ya mapendekezo na cheti cha utumishi, kisha inachambua rasimu tatu za barua moja inayomhusu mtunza ghala. Mfano huo umetungwa kwa ajili ya ufafanuzi na haumhusu mtu wala shamba mahususi.

1.0 Utangulizi

Matangazo ya nafasi za kazi katika utumishi wa umma nchini Tanzania humtaka mwombaji aambatishe maelezo yake binafsi pamoja na majina ya wadhamini watatu. Neno hili linastahili kutazamwa kwa makini. Katika matumizi ya kila siku, mdhamini ni yule anayemwekea mtu dhamana polisi au mahakamani, au anayekubali kulipa deni iwapo mkopaji atashindwa. Mdhamini hujifunga kwa jambo ambalo bado halijatokea. Anayeulizwa kuhusu mwajiriwa wake wa zamani haombwi kujifunga hivyo. Anaombwa aeleze yaliyokwisha kutokea mbele ya macho yake.

Mkanganyiko huu una athari katika uandishi. Mwajiri anayejiona kuwa mdhamini huogopa kulaumiwa baadaye, na hofu hiyo humpeleka kwenye mojawapo ya njia mbili. Ama huandika sifa za jumla zisizoweza kuthibitishwa wala kukanushwa, ama hukataa kuandika kabisa. Mwajiri anayejiona kuwa shahidi ana kazi iliyo nyepesi zaidi na iliyo wazi zaidi: kusema alichokiona, alikionaje, na kwa muda gani. Sehemu zinazofuata zinaujenga msimamo huo hatua kwa hatua.

2.0 Nyaraka Mbili Zisizopaswa Kuchanganywa

Kifungu cha 44(2) cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri, ajira inapokoma, ampe mwajiriwa cheti cha utumishi katika namna iliyoainishwa. Cheti hicho ni haki ya mwajiriwa. Hakitegemei kama aliondoka kwa ridhaa, kwa mkataba kuisha, au kwa kuachishwa kazi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inalieleza jambo hili kwa upana zaidi katika kifungu cha 51. Inataja mambo yanayopaswa kuwamo katika cheti, kama vile jina na anwani ya mwajiri, jina la mwajiriwa, aina ya kazi na mahali ilipofanyika, na tarehe za kuanza na kumaliza. Kisha inaongeza kwamba mwajiri halazimiki kutoa barua ya mapendekezo kuhusu tabia au utendaji wa mwajiriwa.

Tofauti hiyo ina mantiki yake. Cheti hubeba mambo ambayo mwajiri hana hiari nayo: fulani alifanya kazi hii, hapa, tangu siku hii hadi siku ile. Barua ya mapendekezo hubeba maoni, na maoni yanahitaji hiari na uwajibikaji wa anayeyatoa. Mwajiri anayemnyima mtu cheti kwa sababu hakuridhika na kazi yake ametumia haki ya mwajiriwa kama adhabu. Na mwajiri anayetoa cheti huku akikiita barua ya mapendekezo humwachia msomaji ukimya ambao msomaji ataufasiri apendavyo.

Historia ya pwani ya kaskazini na maeneo jirani inaeleza kwa nini mpaka huu una uzito. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kipande kilikuwa kadi ya siku thelathini za kazi. Siku zilizofanywa zilitiwa alama, na malipo yalifuata kadi ilipojaa. Kilihesabu siku, hakikueleza ujuzi. Katika Kenya ya kikoloni, neno hilohilo lilikuwa na maana nzito zaidi. Kipande kilikuwa hati ya usajili ambayo mwanamume Mwafrika alilazimika kuibeba, mara nyingi ndani ya kibweta cha chuma kilichoning’inizwa shingoni. Mwajiri ndiye aliyeandika humo kwamba mtu ameruhusiwa kuondoka, na bila maandishi hayo mtu huyo hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali. Hati iliyo katika mkono wa mwajiri peke yake inaweza kumfunga mtu. Kwa hiyo mwandishi wa leo anapaswa kukumbuka kwamba sentensi yake moja humfuata mwenzake mahali ambapo mwenzake hayupo kujieleza.

3.0 Mfano: Mtunza Ghala Anayeondoka

Tuchukue shamba la mkonge katika wilaya ya Korogwe. Mtunza ghala amefanya kazi kwa mkataba wa miaka mitatu, nao umefika mwisho. Kazi yake ilikuwa kupokea marobota ya singa zilizokwisha kupigwa brashi na kufungwa, kila robota likiwa na uzito wa kilo 250. Aliyaingiza katika leja kwa madaraja, akayatoa kwa hati kwenda bandari ya Tanga, na kila mwezi akaandaa ripoti ya ghala ifikapo tarehe 5. Sasa ameomba kazi katika kampuni inayoendesha ghala karibu na bandari. Huko atapokea mizigo ya watu wengi, na atatakiwa kufunga hesabu kila siku jioni.

Kabla ya kuandika neno lolote, meneja wa shamba anapaswa kufungua kumbukumbu. Katika mfano huu kumbukumbu zinaonyesha mambo mawili. La kwanza ni hesabu za kila mwisho wa mwezi, ambazo jumla yake ni 36. Hesabu 35 zililingana na leja. Hesabu ya mwezi wa kumi na nne ilionyesha upungufu wa marobota manne, yaani tani moja kamili. Minong’ono ilienea shambani kwamba yameuzwa. Baada ya siku tisa, hati ya mapokezi kutoka bandarini ilionyesha kwamba lori moja lililoandikiwa marobota 96 lilikuwa limefika na marobota 100. Malori mawili yalikuwa yakipakiwa kwa pamoja jioni, naye alitia saini hati bila kurudia kuhesabu. Wizi haukuwapo, lakini uzembe wa kutohesabu tena ulikuwapo. Tangu hapo aliweka utaratibu wake mwenyewe: watu wawili huhesabu, na wote wawili hutia saini kabla ya turubai la lori kufungwa. Hesabu zote 22 zilizofuata zililingana.

Jambo la pili ni ripoti za mwezi. Katika miaka miwili ya mwanzo, ripoti nane zilichelewa kwa siku mbili hadi sita. Katika mwaka wa mwisho ilichelewa moja.

3.1 Rasimu ya Kwanza: Kilemba cha Ukoka

Rasimu ya kwanza inaandikwa hivi: “Kwa yeyote anayehusika. Namfahamu mtajwa hapo juu kuwa ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye nidhamu na ushirikiano mzuri na wenzake. Hakuwahi kuwa na tatizo lolote. Tunamtakia kila la heri na tunaomba apewe ushirikiano.”

Barua hii ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba ina uongo, kwa kuwa tatizo liliwahi kuwapo. Ya pili inaonekana kwa jaribio jepesi: ondoa jina la mtunza ghala, weka la dereva au la mpishi, kisha isome tena. Haibadiliki. Barua inayoweza kumfaa kila mtu haimwelezi yeyote. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Msomaji mzoefu anapoona sifa nne zimepangwa bila tendo hata moja, huanza kujiuliza ni nini kinachotembezwa.

Hatari zaidi ni pale sifa za jumla zinapogeuka kuwa lugha ya mafumbo. Ujerumani inatoa funzo hapa. Huko mwajiriwa ana haki ya kudai barua inayoeleza utendaji na mwenendo wake, na desturi ya mahakama inataka barua hiyo iwe ya kweli na pia isimzibie njia bila sababu. Kutokana na mvutano huo, waajiri walijenga msamiati wa siri. Kusema kwamba mtu “alijitahidi” kukawa na maana kwamba alishindwa. Sheria ya shughuli za biashara ya nchi hiyo, katika kifungu cha 109, inakataza maneno yanayokusudiwa kubeba maana tofauti na ile inayoonekana, lakini mazoea hayo hayajatoweka. Kiswahili nacho kina chembechembe zake. Anayeandika kwamba mtu “alifanya kazi kadiri ya uwezo wake” anaweza kuwa anasifu au anasuta, na msomaji hawezi kujua ni lipi. Kwa mwandishi mkweli, sentensi yenye maana mbili ni sentensi ya kufutwa.

3.2 Rasimu ya Pili: Ukweli Usio wa Haki

Rasimu ya pili inasema: “Katika kipindi cha utumishi wake aliwahi kuchunguzwa kuhusu upotevu wa marobota manne ya mkonge. Aidha, alikuwa akichelewesha ripoti.” Hakuna neno la uongo humu. Uchunguzi ulifanyika, na ripoti zilichelewa. Hata hivyo msomaji ataondoka akiamini jambo la uongo, yaani kwamba mtu huyu anashukiwa wizi na kwamba kuchelewa ni tabia yake hadi leo.

Hapa ndipo penye kiini cha suala la haki. Usahihi wa kila sentensi hautoshi, kwa sababu picha inayobaki akilini mwa msomaji nayo inapaswa kuwa sahihi. Anayetaja uchunguzi bila kutaja matokeo yake ametoa nusu ya ushahidi, na nusu hiyo ndiyo inayoumiza. Vivyo hivyo, anayetaja kosa bila tarehe wala idadi humfanya msomaji alieneze katika miaka yote mitatu.

Mwaka 1994 Baraza la Mabwana la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, lilitoa uamuzi katika shauri la Spring dhidi ya Guardian Assurance. Liliamua kwamba mwajiri anayetoa maelezo kuhusu mwajiriwa wake wa zamani ana wajibu wa kuwa mwangalifu katika kuyaandaa, na kwamba anaweza kuwajibika kwa hasara inayotokana na uzembe wake hata kama hakuwa na nia mbaya. Uamuzi wa aina hiyo hauzifungi mahakama za Tanzania, ingawa unaweza kuzishawishi. Kwa mwandishi, fundisho lake ni kwamba nia njema haiondoi wajibu wa kufungua leja kwanza.

3.3 Rasimu ya Tatu: Ushahidi

Rasimu ya tatu, ambayo makala hii inaipendekeza, inaweza kuandikwa hivi:

“Mimi ni meneja wa shamba, na nilimsimamia moja kwa moja kwa miaka yote mitatu ya mkataba wake. Ajira yake imekoma kwa sababu mkataba umefika mwisho. Alipokea, alitunza na kutoa marobota ya mkonge kwa leja na hati.

Ghala lilihesabiwa kila mwisho wa mwezi. Kati ya hesabu 36, hesabu 35 zililingana na leja. Hesabu moja, katika mwezi wa kumi na nne, ilitofautiana kwa marobota manne. Tulithibitisha kwa hati ya mapokezi ya bandarini kwamba marobota hayo yalifika salama, na kwamba kosa lilikuwa kutia saini hati ya lori bila kurudia kuhesabu. Baada ya hapo alianzisha, bila kuagizwa, utaratibu wa watu wawili kuhesabu na kutia saini. Hesabu zote 22 zilizofuata zililingana.

Katika miaka miwili ya kwanza ripoti zake nane za mwezi zilichelewa kwa siku mbili hadi sita. Katika mwaka wa mwisho ilichelewa moja. Hapa kwetu hakufanya kazi ya kufunga hesabu kila siku, hivyo siwezi kusema ataifanyaje.

Ningemwajiri tena kwa kazi hii ya ghala.”

4.0 Uchambuzi wa Rasimu ya Tatu

Barua inaanza na nafasi ya mwandishi. Shahidi anayeeleza alikaa wapi ndipo akaona humpa msomaji kipimo cha kumwamini. Ofisa rasilimali watu aliye mjini Tanga, ambaye hajawahi kufika ghalani Korogwe, angepaswa kuandika kwamba anategemea jalada, si macho yake. Kipengele hiki huachwa mara nyingi, nacho hakigharimu zaidi ya sentensi moja.

Kwa upande wa uaminifu, barua haisemi kwamba mtu huyu ni mwaminifu. Inasema hesabu 35 kati ya 36 zililingana, na inaieleza ile moja. Uaminifu ni hitimisho, na hitimisho ni kazi ya msomaji. Mwandishi anapotoa kipimo badala ya sifa, hahitaji kuapa. Namba zenyewe zinaweza kuulizwa na kujibiwa.

Panaweza kutokea hoja kwamba tukio la marobota manne lingeachwa kabisa, kwa kuwa halikuwa wizi. Hoja hiyo ina uzito, na kama kazi anayoiendea ingekuwa ya udereva, kuliacha kungefaa. Lakini anaomba kazi ya kuhesabu mizigo ya watu, na kosa lilihusu kuhesabu. Zaidi ya hayo, minong’ono ya shambani husafiri hadi bandarini bila barua. Mwajiri mpya akiyasikia kwa mdomo baada ya kusoma barua isiyoyataja, atamshuku mwajiriwa na mwandishi kwa pamoja. Likielezwa kwa ukamilifu, tukio hilohilo linageuka kuwa ushahidi bora kuliko wote waliomo katika barua, kwa sababu linaonyesha mtu anayerekebisha kosa lake na marekebisho yakadumu miezi 22. Kigezo kinachopendekezwa hapa ni hiki: kosa hutajwa pale tu linapokuwa limethibitishwa na linapohusu kazi inayoombwa, na likitajwa hutajwa pamoja na sababu, wakati na mwisho wake. Tuhuma isiyothibitishwa haina nafasi katika barua.

Sentensi kuhusu kufunga hesabu za kila siku huonekana kama upungufu, ilhali ndiyo inayomfaa zaidi mwajiri mpya. Inamwonyesha palipo na pengo, naye anaweza kupanga usimamizi wa karibu katika miezi ya mwanzo. Mwandishi aliyejaza pengo hilo kwa kubahatisha angekuwa amerudi kwenye udhamini.

Yapo pia mambo ambayo barua imeyaacha kwa makusudi. Ikiwa mtunza ghala huyu aliwahi kulazwa hospitali, ana ulemavu, au alikuwa mwanamke aliyechukua likizo ya uzazi, hayo hayaingii. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinakataza ubaguzi kwa misingi ya mambo kama ujauzito, ulemavu na hali ya ndoa. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Makosa ya hila hutokea hapa: sentensi kama “licha ya kuumwa mara kwa mara, alijituma” imeandikwa kwa huruma, lakini imefichua kile ambacho hakikupaswa kusemwa.

5.0 Kabla na Baada ya Kutuma

Inapendekezwa kwamba mwajiriwa aonyeshwe rasimu kabla haijatumwa. Lengo ni kusahihisha ukweli, si kujadiliana kuhusu maoni. Katika mfano wetu anaweza kusema kwamba ripoti mbili zilichelewa kwa sababu mashine ya kufungia marobota iliharibika na takwimu hazikumfikia. Kumbukumbu zikithibitisha hilo, idadi itapungua kutoka nane hadi sita. Hawezi, hata hivyo, kudai kwamba zile sita nazo zifutwe. Iwapo hawataafikiana, mwandishi hana sababu ya kuandika kinyume cha anachokijua. Anampa cheti cha utumishi, ambacho ni haki yake, na anamweleza waziwazi kwamba hataandika zaidi, ili mwajiriwa atafute shahidi mwingine.

Baada ya kutuma, nakala ihifadhiwe katika jalada. Waajiri wengi hupiga simu hata baada ya kupokea barua, na katika simu ndipo ulimi huteleza. Jibu salama ni lile linalolingana na barua. Mwulizaji akiuliza, “Kati yetu sisi, yale marobota vipi?”, mwandishi asome aya ya pili kama ilivyo. Akiongeza neno ambalo hakuwa tayari kuliandika, ameandika rasimu ya pili kwa mdomo.

6.0 Hitimisho

Njia iliyoelezwa hapa ina mipaka. Inategemea kuwapo kwa kumbukumbu. Shamba lisilohesabu ghala lake kila mwezi halina cha kushuhudia isipokuwa hisia, na katika hali hiyo mkweli huandika machache. Vilevile inafaa zaidi kwa kazi zinazopimika. Kwa mwalimu au muuguzi, matendo yaliyoshuhudiwa yatachukua nafasi ya namba. Hata hivyo msingi unabaki uleule. Mwandishi atenganishe cheti na mapendekezo, aseme alikuwa wapi alipoona, ataje tendo badala ya sifa, alieleze kosa hadi mwisho wake, na akiri asilolijua. Mtunza ghala wa mfano wetu anaondoka Korogwe akiwa na barua inayotaja kosa lake, na bado barua hiyo inamfaa kuliko ile iliyomsifu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa mwajiri mpya anaweza kuipima na kuiamini.